Vizibo vya masikio vinanilinda au ndivyo vinavyoniharibu? Sauti za kawaida zinaniuma

Kengele_Ndogo
Wakuu salaam. Nina swali, naomba majibu ya wanaojua au waliopitia.

Miezi kadhaa iliyopita nilisimama karibu na spika kubwa wakati mafundi wanajaribu mitambo, maiki ikapiga mluzi mkali. Ulikuwa wa kufumba na kufumbua tu. Tangu hapo sauti za kawaida zimekuwa adhabu: mfuko wa plastiki ukikunjwa, kijiko kikigonga sahani, mtoto akipiga kelele chumba cha pili. Si kwamba nazichukia, zinaniuma kabisa, nahisi kuchomwa ndani ya sikio. Nilikwenda kupima, daktari akasema nasikia vizuri, grafu safi, nikaambiwa nipunguze mawazo nikarudi zangu nyumbani.

Nikaanza kuvaa vizibo vya sponji. Mwanzo nikitoka tu, baadaye hadi ndani, sasa hata nikilala. Cha ajabu, siku hizi hata maji ya bomba yakiingia kwenye ndoo yananiumiza, na mwanzo hayakuwa na shida yoyote. Mimi nasema vizibo ndivyo vinavyoniharibu. Mke wangu anasema bila vizibo ningekuwa kiziwi sasa hivi. Nani yuko sahihi?

Baba_Watatu
Mkuu, kwangu ukiingia na masikio hayo utatokea dirishani. Pole sana. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Fundi_Spika
Nimefanya kazi ya mitambo ya muziki miaka mingi. Mluzi wa maiki mbele ya spika kubwa unavuka desibeli 110 bila taabu. Vinywele vya ndani ya sikio vimekatika, na hivyo havioti tena. Sikio lililojeruhiwa linapumzishwa, kama mguu uliovunjika. Vaa vizibo, tena vile vya sponji vinavyopunguza karibu desibeli 30, hata mwaka mzima, mpaka maumivu yaishe. Mkeo yuko sahihi.

Chumba_Kimya
Nafanya kazi ya kupima usikivu, kwa hiyo hili ni la kwetu.

Fundi, kuhusu mluzi na vinywele uko sawa. Kwenye kupumzisha ndipo tunapoachana. Hata huo mguu wako, ukiuweka kwenye plasta mwaka mzima utatoka hauwezi kukubeba. Kuna jaribio la mwaka 2003 la Formby na wenzake. Walichukua watu wachache wenye masikio mazima, wasio na malalamiko yoyote. Kwa wiki mbili hivi wakawavalisha vizibo karibu mchana na usiku. Kipindi kingine wakawavalisha vifaa vidogo vinavyotoa mvumo laini masikioni muda huohuo. Kabla na baada waliwapima ni sauti ya kiwango gani inawashinda. Baada ya vizibo, watu walewale walishindwa na sauti ndogo kuliko mwanzo. Baada ya mvumo, walistahimili sauti kubwa zaidi. Tofauti ilikuwa desibeli kadhaa tu, lakini hao walikuwa watu wazima wa afya, na ni wiki mbili tu.

Kwa hiyo Kengele_Ndogo, bomba kukuumiza wakati mwanzo halikuumiza ni jambo tunalolitarajia kwa mtu anayeziba masikio kutwa. Sikio likinyimwa sauti, ubongo huongeza nguvu ya kile kidogo kinachofika. Ukivua kizibo, ile nyongeza haijaondoka, na bomba linakuja nayo.

Lakini usivivue vyote leo. Nitarudi kwenye hilo jioni nikitoka kazini.

Kengele_Ndogo
Ahsante sana. Nimempa mke wangu asome, amenuna.

Baba_Watatu
Msalimie shemeji. Amenuna kimyakimya, hiyo nayo ni tiba.

Mama_Zuu
Mimi pia nina ugonjwa huu wakuu! Mume wangu akitafuna natamani kuhama nyumba. Wengine wakitafuna wala sisikii, yeye tu. Na kalamu ile ya kubofya bofya ofisini. Vizibo vinanisaidia sana, kwa hiyo sikubaliani na Chumba_Kimya.

Chumba_Kimya
Mama_Zuu, jiulize: akitafuna pole kabisa, kwa sauti ya chini, hasira inapungua?

Mama_Zuu
Haipungui hata kidogo. Akijitahidi kutafuna polepole ndiyo napandwa zaidi.

Chumba_Kimya
Basi lako ni jingine, linaitwa misofonia. Kinachokuchokoza ni sauti ile na mtu yule, ukubwa wake hauna neno. Kengele_Ndogo yeye anaumizwa na chochote kilichopita kiwango fulani, hata kingekuwa kicheko cha mtu anayempenda. Hiyo ndiyo haiperakusisi. Kuna watu wanazo zote mbili, lakini hazitibiwi kwa njia moja.

Mama_Zuu
Kumbe. Nitamwambia mume wangu nimepewa jina la kitaalamu.

Nusu_Uso
Nachangia kisa changu. Niliamka asubuhi moja upande wa kushoto wa uso umelala, jicho halifungi, mdomo umeenda upande. Daktari akasema ni kupooza kwa neva ya uso, aina ya Bell. Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni sikio la upande uleule. Kila sauti ilikuwa inapasuka humo ndani, hasa sauti yangu mwenyewe na milango. Nikadhani ugonjwa umehamia sikioni. Nikaambiwa ndani ya sikio kuna msuli mdogo mno unaoshika mfupa wa mwisho, na kazi yake ni kukaza sauti kubwa ikija. Msuli huo unatumia neva ileile ya uso. Neva ikilala, msuli nao umelala, sauti inapita bila kizuizi. Uso uliporudi, sikio nalo likarudi. Mimi sikufanya tiba yoyote ya sauti.

Kwa hiyo Kengele_Ndogo huenda ni misuli tu, usitishike na habari za ubongo.

Fundi_Spika
Naam! Sikio lilipumzika likapona. Ndicho nilichosema.

Chumba_Kimya
Hapana Fundi, neva ilipona. Nusu_Uso, kisa chako ni cha kweli kabisa na ndiyo maana anayekuja kwetu na sikio moja tu linalopasuka tunamwambia akunje uso, afumbe macho kwa nguvu, tumtazame. Lakini Kengele_Ndogo hajataja uso, na anaumwa masikio yote mawili. Au nimekosea kusoma?

Kengele_Ndogo
Yote mawili. La kulia zaidi, ndilo lilikuwa upande wa spika. Uso hauna shida.

Kichwa_Upande
Mimi ni mgonjwa wa kipandauso wa siku nyingi. Kichwa kikianza, kijiko kikianguka nalia. Kichwa kikiisha, kijiko ni kijiko tu. Kengele_Ndogo, maumivu yako yapo kila siku au yana msimu? Kama yana msimu, mwone daktari wa neva, usipoteze muda na masikio.

Kengele_Ndogo
Kila siku. Ila nikilala vibaya yanazidi.

Rafu_Ya_Juu
Jamani mbona hakuna aliyeuliza dawa? Jirani yangu aliacha ghafla vidonge vya usingizi alivyovitumia muda mrefu, akawa hawezi kuvumilia hata saa ya ukutani. Kengele_Ndogo kama unameza kitu acha leo.

Chumba_Kimya
Rafu_Ya_Juu umesema kweli halafu ukaivunja mwenyewe. Aliumia kwa sababu aliacha ghafla, wewe unamwambia mwenzio aache leo! Vidonge vya jamii ile vinapunguzwa kidogo kidogo na aliyeviandika.

Rafu_Ya_Juu
Hahaha sawa bosi. Nimekaa.

Jicho_Linasema
Samahani naingilia. Nami sauti zinanisumbua, ila langu la ajabu: nikigeuza macho usiku kwenye utulivu nayasikia yakigeuka, sauti ya kukwaruza. Nikitembea kwa visigino nasikia mshindo kichwani. Mlio mkubwa ukija, kitanda kinayumba. Watu wananiambia mapepo.

Chumba_Kimya
Jicho_Linasema, wewe usisubiri uzi huu uishe. Ulichoeleza kinajulikana. Juu ya sikio la ndani kuna mfereji wa nusu duara unaofunikwa na mfupa mwembamba. Kwa baadhi ya watu mfupa huo una uwazi, na sauti za mwilini zinaingia sikioni kupitia hapo, mpaka mwendo wa jicho. Lloyd Minor na wenzake waliueleza mwaka 1998. Nenda kwa daktari wa masikio, mwambie maneno hayohayo: macho, visigino, kuyumba. Unapigwa picha ya skani ya CT inayoonyesha mfupa kwa vipande vyembamba. Ikithibitika na inakusumbua sana, upasuaji upo. Mvumo wa kuzoesha masikio hauzibi tundu la mfupa.

Jicho_Linasema
Nimesoma mara tatu. Ahsante, nakwenda.

Baba_Watatu
Uzi huu mtu aliingia na mapepo anatoka na mfupa. Endeleeni.

Chumba_Kimya
Nimetoka kazini. Kengele_Ndogo, nianze na ile grafu safi, maana ndiyo inayowavunja watu moyo.

Kipimo cha kawaida kinatafuta sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia. Wewe hulalamikii sauti ndogo. Kwako inatakiwa kipimo cha upande wa juu: unavalishwa vipokea sauti, mpimaji anapandisha mlio taratibu, na wewe unanyoosha mkono unapofika mahali ambapo hungependa uendelee. Watu wengi wanafika karibu na desibeli 100. Wenye shida yako mara nyingi wananyoosha mkono kwenye 80, 70, wengine chini zaidi, na ukumbuke maongezi ya kawaida ni kama 60. Mwambie mpimaji mapema kwamba unaumia, aanze chini kabisa na asikushtue. Kuna kipimo kingine cha kuchunguza ule msuli aliousema Nusu_Uso, kinatumia milio mikali. Unaweza kuomba kisifanywe, na mpimaji anayejua kazi hatakulazimisha.

Kuhusu vizibo: ukiwa karibu na mashine ya kusaga, honi, muziki mkubwa, vaa. Chochote kinachofika 85 na kuendelea kinastahili kizibo, kwa mtu yeyote. Chumbani, jikoni, kitandani, huko ndiko tunakotaka vitoke. Watu wengi wanaanzia saa moja ya siku iliyo tulivu, sikio wazi, na mvumo laini ukiwa chumbani. Nje wanabadilisha sponji na vile vya wanamuziki vyenye kichujio, vinavyopunguza kidogo bila kuziba kila kitu.

Shuka_Nene
Mimi ndiye huyo Kengele_Ndogo wa zamani. Nilikuwa napokea simu za wateja kazini, mlio wa ghafla ukapiga kwenye kisikilizio. Nilifikia hatua nakula kwenye sahani ya plastiki, peke yangu, vizibo masikioni na hedifoni juu yake. Niruhusuni nieleze tiba ilivyokwenda, maana watu wanasema tiba ya sauti halafu hawasemi inafanywaje.

Nilipewa vifaa viwili vinavyokaa nyuma ya sikio, vinafanana na vya kusaidia kusikia, ila vinatoa mvumo tu, shhh ya redio isiyoshika stesheni. Mrija wake haukuzibi sikio, na hilo walilisisitiza, kwa sababu kikiziba unakuwa umerudi kwenye kizibo. Kiwango wakaniwekea chini sana. Maagizo yalikuwa: uusikie ukiutafuta, usikukere, na usifunike sauti ya mtu anayeongea. Navaa saa nyingi za mchana. Usiku navua, nawasha spika ndogo mezani, ili nisikae kwenye ukimya mtupu. Kila wiki chache tunapandisha kidogo, na kama siku hiyo nimechoka hatupandishi.

Mvumo peke yake ulinifikisha mahali ukasimama. Nilikuwa nastahimili bomba na mlango, ila sahani bado. Hapo ndipo mshauri aliponisaidia. Aliniambia niandike ninachojiambia kijiko kikigonga. Nikaandika: sikio linakufa. Akaniomba nipime jikoni kwa programu ya simu, siku ya vyombo vingi. Haikukaribia hata kidogo viwango vya kuharibu sikio. Akanitazama vyombo vilipogongana, akasema mabega yako yanapanda kabla ya sauti, na meno umeyauma. Sikuwa najua. Nilikuwa naumia nikisubiri.

Basi tukapanga ngazi. Kwanza rekodi ya sahani kwenye simu, kidole changu kwenye sauti, naipandisha mimi. Halafu naweka kijiko kwenye sahani mwenyewe, chini kumetandikwa kitambaa. Halafu bila kitambaa. Halafu mdogo wangu anaweka, ananiambia kabla. Mwisho anaweka bila kuniambia. Kila ngazi tunakaa hadi mabega yabaki chini. Ngazi ya mdogo wangu bila taarifa ndiyo iliyochukua muda, nilimchukia kabisa.

Katikati jirani akaanza kutoboa ukuta na mashine. Nikaumia siku nzima, kesho yake pia, nikataka kurudi kwenye hedifoni moja kwa moja. Mshauri akasema wakati wa mashine vaa, mashine ikizimwa vua, na mvumo urudi kwenye kiwango cha wiki mbili nyuma. Tukapanda tena kutoka hapo. Leo nakula na wenzangu. Harusi zenye bendi bado sikai ndani, na vizibo vya kichujio viko kwenye mkoba.

Kengele_Ndogo
Dada umenieleza mimi mwenyewe. Hilo la kuumia nikisubiri sikuwahi kulifikiria. Mtoto akikimbilia chupa tu nimeshakunja shingo.

Fundi_Spika
Sawa, nakubali kuhusu vizibo vya kutwa. Lakini sasa mmeligeuza kuwa hofu. Kwa hiyo mtu akiumia sikio ni mawazo yake? Ndivyo yule daktari wa kwanza alivyomwambia na wote tulimshangaa.

Waya_Moto
Ahsante Fundi, nilikuwa nangoja mtu aliseme. Mimi nina haiperakusisi ya maumivu na tiba ya mvumo iliniharibu. Nilifuata kila kitu, saa nyingi kwa siku, kiwango chini. Wakati wenyewe sihisi kitu. Jioni au kesho yake ndiyo sikio linawaka moto, linashuka kwenye taya, linakaa siku kadhaa. Sikuwa na hofu ya sahani. Niliambiwa ni hofu, nikaendelea, nikawa vibaya zaidi. Leo ninaishi kwa kujilinda na ninaendelea vizuri kuliko nilivyokuwa kwenye tiba. Watu wa mvumo mnatakiwa mtuambie na sisi tupo.

Shuka_Nene
Pole Waya_Moto. Yangu ilikuwa inauma papo hapo na inaisha. Sikujua kuna ya kesho yake.

Chumba_Kimya
Waya_Moto uko sahihi kulileta, na Fundi pia. Mwaka 2014 kundi la wataalamu likiongozwa na Tyler lilipendekeza tuache kuiita yote kitu kimoja: kuna ambao sauti ni kubwa mno, kuna wanaokereka, kuna wanaoogopa, kuna wanaoumia. Mtu anaweza kuwa na mbili au tatu. Ushahidi mwingi tulionao wa mvumo na ushauri unahusu zaidi makundi matatu ya mwanzo. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio lililounganisha vifaa vya mvumo na ushauri, na waliopata vyote viwili walifanya vizuri kuliko waliopata kimoja. Sweden nako, mwaka 2014, wagonjwa 60 waligawanywa, wengine wakapata tiba ya fikra na tabia, wengine wakangoja, na waliopata tiba walistahimili zaidi. Lakini hao wa maumivu ya kuchelewa kama yako hawakutengwa wakapimwa peke yao, kwa hiyo sitakuambia kwamba matokeo yale ni yako.

Na maumivu yenyewe yana njia yake. Ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, kuna nyuzi chache za neva ambazo hazibebi usikivu wa kawaida. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba nyuzi hizo zinaamka seli za jirani zinapoharibika kwa sauti kubwa. Wengi wanadhani hiyo ndiyo kengele ya maumivu ya sikio la ndani.

Fundi_Spika
Kwa hiyo ni vinywele, nilisema tangu mwanzo.

Nusu_Uso
Au misuli. Taya linauma, Waya_Moto amesema mwenyewe. Kuna msuli wa pili sikioni, ule wa kwenye ngoma, unatumia neva moja na taya. Ukikazana ovyo utauma taya, shavu, sikio, vyote.

Chumba_Kimya
Nadharia hiyo ipo na ina wafuasi, hasa kwa walioshtuliwa na mlio kama Shuka_Nene. Msuli unakaza hata kabla ya sauti, mtu akiitarajia tu. Ndiyo maana baadhi yetu tunamtuma mgonjwa kwa mtu wa taya na shingo.

Kichwa_Upande
Na mimi nasema ni kipandauso bila kichwa kuuma. Kuchelewa siku moja, kukaa siku kadhaa, kuzidi usipolala. Mnaelezea ugonjwa wangu mnaupa jina lingine. Waya_Moto uliwahi kutumia dawa za kuzuia kipandauso?

Waya_Moto
Daktari alinianzishia mwezi uliopita. Nitasema kitu nikiwa na cha kusema.

Baba_Watatu
Mpaka sasa: vinywele, ubongo, misuli, kipandauso, taya. Kengele_Ndogo chagua moja uondoke nayo.

Kengele_Ndogo
Hahaha. Nina swali dogo. Nimeanza jana saa moja bila vizibo, nikaweka rekodi ya mvua kwenye simu. Mvua yenyewe nzuri, ila kila baada ya muda kuna radi ndogo na mahali rekodi inaporudia mwanzo inakata. Hapo naruka. Niendelee?

Shuka_Nene
Itoe hiyo. Unajikuta unaisubiri radi.

Chumba_Kimya
Shuka_Nene amemaliza. Unataka sauti isiyo na matukio: mvumo sare, au feni. Kama mvumo mweupe, ile shhh ya redio, unachoma kwa ukali, jaribu unaoitwa wa waridi, nguvu yake imeshuka kwenye sauti nyembamba, wengi unawakalia vizuri. Simu iweke mbali kidogo, upande wa pili wa chumba, na usitumie vile vya kuchomeka sikioni, vinaziba. Na kwa sababu ya Waya_Moto, nakuongezea jambo moja: usiangalie tu unavyojisikia wakati wa ile saa. Andika jioni na kesho yake asubuhi. Kama kila mara kesho yake sikio linawaka, usiongeze muda, na ukienda kupimwa peleka hayo maandishi.

Waya_Moto
Ningeambiwa hivyo mapema.

Kengele_Ndogo
Nimeelewa. Asubuhi hii sikuona tofauti, si mbaya si nzuri. Mke wangu anauliza, akiosha vyombo aniambie kabla au asiniambie?

Shuka_Nene
Kwa sasa akwambie. Kutokwambia ni ngazi ya mwisho kabisa, na hiyo mpange na mshauri, mkianza wenyewe mtagombana.

Mama_Zuu
Na ya kutafuna je, mnipangie ngazi na mimi?

Chumba_Kimya
Mama_Zuu fungua uzi wako, nitakuja. Sahani hazikuhusu.